Utani anaoweza kuurudisha

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Mwembe Tayari, miaka 36. Nimewahi kuoa na tukaachana, na kabla ya hapo nilinunua tuktuk mbili kwa mkopo, zikachukuliwa zote. Sasa nimejuana na dada mmoja, mwalimu wa Kisauni. Sipendi wanaume wa kujigamba, kwa hivyo mimi hujicheka. Nilimwambia mke wangu wa zamani alitumia akili kuniacha, kwamba hata tuktuk zilinikimbia, na kwamba nimezaliwa Mombasa lakini kuogelea sijui. Mwanzoni alicheka. Jumapili iliyopita tulikaa Lighthouse tukila mihogo, nikarudia maneno yale, akaniuliza, "Mbona hujipendi?" Tangu siku hiyo ananijibu kwa neno moja moja. Nianze kujisifu, au ninyamaze?*
*Mcheshi, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Usijisifu, wala usinyamaze. Katika vichekesho vyako vitatu kimoja ni kizuri sana, na nataka ukitunze: kile cha kuogelea.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa katika utani, na utani ni wa watu wawili. Mmoja anarusha, mwenzake anarudisha. Ukimwambia hujui kuogelea, mwalimu wako ana la kujibu: atakwambia siku mkivuka feri ya Likoni atakushika mkono kama mtoto wa nasari. Umemfungulia mlango, ameingia, mmecheka wote wawili. Lakini ukimwambia mke wako alitumia akili kukuacha, arudishe nini? Akikubali, amekutukana. Akikataa, amegeuka wakili wako, na hata kesi yenyewe haijui. Hapo ndipo alipochoka. Mara ya kwanza alicheka kwa adabu, mara ya pili akakutetea kimoyomoyo, na mara ya tatu akakuuliza lile swali.

Kwa hivyo kabla ya kujicheka, pima hivi: hili anaweza kunirudishia bila kuniumiza? Na baada ya kulisema, msikilize. Akikutania na yeye, umepatia. Akisema "Usijiseme hivyo" hata mara moja, kile si kichekesho tena, umempa kazi ya kukubembeleza. Kiache siku hiyohiyo.

Kuna jambo jingine ninalotaka ulijue. Mwaka 1966 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Elliot Aronson, na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi sauti iliyorekodiwa ya mtu akijibu maswali magumu. Katika rekodi moja mtu huyo alipata asilimia 92 ya majibu, katika nyingine alipata 30 tu. Kisha baadhi ya wanafunzi wakamsikia akijimwagia kahawa kwenye suti yake. Aliyepata 92 alipomwaga kahawa, alipendwa zaidi kuliko pale ambapo hakumwaga. Yule wa 30 alipomwaga, alizidi kushuka. Kahawa ni ileile. Tofauti ni kile ambacho wasikilizaji walikuwa wameshakijua juu ya mtu mwenyewe.

Sasa nikuulize, mwalimu huyu amewahi kukuona ukiwa 92? Katika barua yako yote umenitajia kazi yako kwa maneno machache tu, na nina hofu kwake umefanya vivyo hivyo. Anajua tuktuk, anajua talaka, anajua maji. Hajui kwamba unaweza kusimama mlangoni pa jikoni na kwa kusikiliza tu mlio wa friji ukajua kama kompresa inashindwa kuwaka. Mweleze kwa nini friji za nyumba zilizo karibu na bahari huharibika upesi, jinsi hewa ya chumvi inavyokula mabomba ya nyuma na mapezi yake mpaka gesi ikavuja. Huko si kujigamba, ni kumwonyesha unavyoishi siku zako. Halafu, ukishamweleza hayo, ukimwambia kwamba friji yako mwenyewe nyumbani ina mwezi hujaitengeneza, atacheka kwa raha, kwa sababu anajua ufundi unao.

Tuktuk na talaka ni habari nyingine. Hizo ziondoe kabisa kwenye kicheko, uziseme wazi. Mwanamke anayefikiria kuishi nawe anataka kujua mambo mawili juu yako: pesa unazishikaje, na ndani ya nyumba unakuwaje. Vichekesho vyako viwili vimegusa palepale na kumwachia nusu ya habari. "Zilinikimbia" maana yake nini? Ulizinywea pombe? Ulidhulumiwa? "Alitumia akili kuniacha" ni kibaya zaidi, kwa sababu swali linalofuata katika kichwa cha mwanamke yeyote ni: kwani alimfanya nini? Nusu isiyosemwa ataijaza mwenyewe, na mara nyingi ataijaza kwa mabaya kuliko yaliyotokea.

Basi tuseme habari yenyewe ilikuwa hivi. Badilisha iwe ya kweli yako, na usiongeze hata neno la kujipamba: "Nilichukua tuktuk mbili kwa pamoja, nikapiga hesabu ya siku nzuri tu. Moja ilipoua injini sikuwa na akiba ya matengenezo, nikawa nalipa mikopo miwili kwa mapato ya moja. Baada ya miezi minne nikashindwa. Kosa lilikuwa langu. Deni limebaki kiasi hiki, nalipa kila mwezi kiasi hiki." Sentensi chache zinatosha. Angalia zina nini: kilichotokea, sehemu yako, na hali ya leo kwa hesabu. Hamna "mimi ni mkosi", hamna "mimi bure". Kosa lile lina mwanzo na mwisho, lakini "mimi bure" halina mwisho, na hakuna anayetaka kuolewa nalo.

Kama deni bado lipo, liseme sasa. Mwaka 1972 watafiti wa saikolojia Edward Jones na Eric Gordon walichunguza jambo hili hili, wakaona kwamba mtu aliyepatwa na balaa kwa kosa lake mwenyewe alipendwa zaidi alipolitaja mapema kuliko alipolichelewesha. Ukweli unaotoka mwishomwisho unanuka kama ulifichwa.

Kwenye talaka sema sehemu yako peke yake. Kama ulikuwa ukirudi usiku na hasira za deni, huku ukimficha mkeo hali ya pesa, sema hivyo na useme umebadilisha nini. Ya mama yule mwachie mwenyewe, mlisitiriana mkiwa mume na mke na sitara hiyo haikuisha siku ya talaka. Mwalimu atakavyokusikia ukimtaja mwenzako wa jana ndivyo atakavyojua yeye atatajwaje kesho.

Usimwandikie ujumbe mrefu wa kuomba radhi, huo nao utamtaka akubembeleze. Mwambie tu ungependa mkutane, kwa sababu kuna mambo uliyageuza mzaha na ungetaka kuyasema vizuri. Kaeni mahali patulivu, si Lighthouse Jumapili jioni penye kelele za watoto na madafu. Ukishamaliza yale uliyopanga, nyamaza. Kimya hicho kitakuwasha, na najua ulimi wako utatafuta kichekesho cha kukiziba. Uzuie. Mwache afikiri, aulize. Anaweza kuuliza jambo moja gumu sana, mjibu hilo tu. Anaweza pia kusema kwamba deni ni kubwa kwake na hataki kuendelea, na hiyo ni haki yake, usimbishie.

Na ikiwa njiani kurudi, mkipita karibu na maji, atakuuliza kama umeshajifunza kuogelea, mjibu kwa utani upendavyo.