Kichwa kikimuuma mtoto mwenye selimundu, mkague kabla ya kumpa dawa

Maumivu ya krisisi, yaani yale yanayokuja seli mundu zinapoziba mishipa ya damu, yana mahali pake. Kwa mtoto mchanga hukaa viganjani na nyayoni, kwa mkubwa miguuni, mgongoni na kifuani, na aliyeyazoea huyatambua: "Ni yale yale." Kichwa hakimo sana kwenye orodha hiyo. Kinaweza kuuma wakati wa krisisi, hasa mtoto akiwa amekaukiwa maji, na mara chache mfupa wa fuvu wenyewe hukosa damu, ukaona paji limevimba na linauma ukiligusa. Lakini kichwa kikiuma peke yake, usikiite krisisi mpaka uwe umetafuta kiharusi.

Tuchukue mtoto wa miaka saba, kilo 20, anayeishi Majengo, Moshi. Ni Julai, kuna baridi, na saa moja asubuhi anasema kichwa kinamuuma. Kabla ya kufungua chupa ya dawa, mwambie atabasamu uone kama mdomo unaenda upande mmoja. Anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho, nawe uhesabu hadi kumi: mkono wenye shida hushuka taratibu au hugeuka. Mwambie ataje jina lake na alichokula jana usiku. Kisha atembee mpaka mlangoni na kurudi. Mpime joto, na umwambie ainamishe kidevu kiguse kifua. Yote haya hayazidi dakika tatu.

Kama yote ni sawa, mpe parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo. Kwa kilo 20 ni miligramu 300, yaani mililita 12.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Soma chupa, kwa sababu nguvu zinatofautiana. Dawa irudiwe baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mpe vinywaji kidogo kidogo, vifike kama lita moja na nusu mpaka kesho asubuhi, uji ukiwemo. Rudia ukaguzi baada ya saa moja. Hapa ndipo wengi tunakosea: mtoto anapewa dawa, analala, na kila mtu anashukuru kwamba amepumzika. Mwamshe. Asiyeamka vizuri hajapumzika, anaumwa. Na kichwa kisipotulia, au akianza kutapika, nendeni hospitali.

Sasa tuseme mkono wa kulia ulishuka, halafu baada ya dakika kumi ukarudi sawa. Bibi atasema aliulalia. Tafadhali, msikubali. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo umebanwa kwa muda, na kiharusi kamili kinaweza kufuata siku hiyo hiyo. Andika saa mliyoona dalili. Usimpe maji wala chakula kwa mdomo, maana koo linaweza kuwa limelegea akapaliwa. Mlaze ubavu, chukua kadi ya kliniki, nendeni hospitali kubwa moja kwa moja: KCMC kwa walio Moshi, Mount Meru kwa walio Arusha mjini. Sema mlangoni: "Ana selimundu, mkono ulilegea saa moja na robo." Sentensi hiyo inawafikisha kwa daktari haraka kuliko "kichwa kinamuuma".

Picha ya CT ikitoka safi mapema, msiondoke. Damu iliyovuja huonekana upesi, lakini kiharusi cha kuziba kinaweza kisionekane saa za mwanzo. Tiba ya mtoto huyu ni damu, na ikiwezekana ya kubadilishana: ya kwake inatolewa huku nyingine ikiingia. Haongezwi tu bila kipimo, kwa kuwa wingi wa damu ukipita kama gramu 10 kwa desilita, damu yenye seli mundu huwa nzito na kuziba zaidi. Ndugu wa kuchangia damu waitwe mapema.

Homa ya 38 au zaidi pamoja na kichwa ni safari ya hospitali hata mikono ikiwa sawa. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na wengu wa watu hawa haulindi vizuri. Kwa kijana au mtu mzima, kichwa kilichopasua ghafla kuliko alivyowahi kuumwa kinaweza kuwa damu inayovuja ndani. Asipewe aspirini wala ibuprofeni.

Jambo gumu ni kwamba mshipa unaweza kusinyaa kwa miaka bila kichwa kuuma hata siku moja. Kuna kipimo cha kuukuta mapema: ultrasaundi ya mishipa ya kichwa, isiyo na sindano, inayotakiwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Damu ikikimbia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ni kubwa, na mtoto huanzishiwa damu ya mara kwa mara au, isipowezekana, haidroksiurea. Siku ya kliniki uliza mtoto wako alipimwa lini, na namba ilikuwa ngapi.