Ushuhuda wa ripoti ya mwaka: anza na nani anachagua wasemaji

*"Wakuu, asasi yetu ya maji inataka video ya dakika tatu ya kwenda na ripoti ya mwaka. Ya mwaka jana tuliambiwa ni kama igizo, kila mtu anashukuru tu. Tufanyeje? Na manukuu, yale maandishi ya chini ya video?"*

Igizo huanza kabla kamera haijawashwa. Sisi tulirekodi vijiji vya Dodoma, na mara ya kwanza tulimwachia mwenyekiti atuitie watu. Akaleta wanakamati watano, wote wamevaa vizuri, wote wakasema "tunawashukuru wafadhili".

Mara ya pili tulikaa kisimani tangu saa kumi na mbili asubuhi bila kamera, tukipiga soga. Hapo ndipo tulipowapata fundi wa pampu, binti wa sekondari, kijana anayeuza maji kwa baiskeli, na bibi mmoja asiyeridhika na zamu. Wasemaji wanne wanatosha kabisa kwa dakika tatu. Kila mmoja tulimrekodi kama dakika ishirini, tukatumia sekunde thelathini au arobaini.

Usiulize "mradi umekusaidiaje?" Swali hilo limeshabeba jibu lake. Uliza, "Jana maji uliyapataje?" kisha nyamaza. Akimaliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya swali lingine, maana neno la kweli mara nyingi huja hapo. Na bosi wa mradi asisimame nyuma ya kamera.

Manukuu ndiyo yalitutia aibu. Bibi aliongea Kigogo, na mfasiri wetu, kwa nia njema, akaandika sehemu ya shukrani na kuruka lalamiko. Tuligundua tulipomwonyesha Mgogo ambaye hakuwa safarini, akacheka, "Mbona bibi kasema zaidi ya hapo?" Tukarekebisha, namba ya manukuu na muda wake vikiwa juu:

```
7
00:00:41,200 --> 00:00:45,000
Bomba limetusaidia sana,
lakini likiharibika tunateseka.
```

Mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi arobaini hivi, na ukatike pale maana inapopumua. Ukishindwa kuisoma kwa sauti kabla haijapotea, basi ni ndefu: punguza maneno, usipunguze maana. Aliyeongea Kiswahili naye mwekee manukuu, kwani wengi hutazama simu ikiwa kimya. Lakini usimsanifishe, akisema "maji yamekata", andika hivyohivyo.

Kwa YouTube pakia faili la manukuu la `.srt` kando, la Kiswahili na la Kiingereza. Ya kutuma WhatsApp, choma maandishi ndani ya picha, meupe juu ya utepe mweusi. Jua la Dodoma na ule mchanga mweupe humeza herufi zisizo na utepe.

Ridhaa tuliiomba mara mbili: kabla ya kurekodi, na baada ya kuhariri. Tulirudi kwa bibi na simu, tukamsomea manukuu kwa Kigogo. Lalamiko la bomba aliliacha libaki. Alichotaka kitoke ni pale alipomtaja jirani yake kwa jina, tukakata sekunde tisa.