Re: Sheng ni rejista, lahaja au lugha?

> "Nimekusanya maneno mia nne ya Sheng pale Eastlands, nalinganisha na Kiswahili sanifu nione ni rejista, lahaja au lugha. Nitumie programu gani kuchambua?"

Buda simama hapo hapo kwa "nalinganisha na Kiswahili sanifu". Hapo ndipo masta yangu ilizama, na supavaiza wangu ndiye alinisukuma, ati "kila kitu kisicho kwenye kamusi ya sanifu ni ushahidi". Ushahidi wa nini sasa? Mzee hakuwa amepanda matatu ya Buruburu miaka mingi, na mimi nikaandika kila neno lake kama mtoto wa nasari.

Angalia sentensi kama hii ya kijana: "Wasee wenye wanakujanga kwa keja wanataka ganji." Ukiweka kando ya sanifu, "watu wanaokuja nyumbani mara kwa mara wanataka pesa", unaona maajabu: "wenye" imechukua kazi ya "-o" ya urejeshi, kuna "-nga" ya mazoea, "-ni" ya mahali imepotea ikawa "kwa". Mimi nikapiga kelele sarufi mpya, lugha mpya! Nikaijazia sura nzima. Siku ya kudifendi mtahini mmoja akaniuliza tu, je, mama anayeuza sukumawiki hapo Jericho, ambaye hajui Sheng, anasemaje? Nikanyamaza, maana jibu nalijua, nimelelewa hapo. Anasema "watu wenye wanakujanga kwa nyumba wanataka pesa". Sarufi ni ile ile! Pasta pia, askari wa geti pia, na "kitu ingine" na "katoto" wote wanasema. Yaani nilikuwa nimepatia vijana sifa ya Kiswahili cha Nairobi chote. Ilibidi nirudi fildi na pesa za mkopo wa HELB zilikuwa zimeisha kitambo, nikala mandazi hadi nikafanana nayo.

Kwa hivyo rekodi kwanza watu wazima wa mtaa huo huo wasioongea Sheng, halafu toa kwa data ya vijana kila kitu ambacho hao wazima pia wanasema. Kwa sentensi yetu ukitoa kinabaki wasee, keja na ganji, nomino tatu basi, na hata wasee inafuata "wa-" kama watu. Lahaja hapo ni Kiswahili cha Nairobi, Sheng imekaa juu yake kama rejista. Kuiita lugha ingetaka mifupa yake yenyewe, viambishi vyake, na sioni hata kimoja.

Kitu kinaweza kubadilisha hiyo hukumu ni watoto waliozaliwa ndani yake. Mwache kijana mmoja asimulie kisa kile kile kwa beshte yake, kwa nyanyake, na kwa ofisi ya chifu. Maneno yakibadilika na sarufi ikabaki, ni rejista. Akiongea sawa kote kwa sababu hana Kiswahili kingine cha kurudia, hapo ongea lahaja, lakini ya huyo kijana, usiibandike Eastlands yote.

Na hayo mia nne yako punguza, mengine yatakuwa yamezeeka kabla hujapiga chapa. Hela ya kulipa wa kukuandikia maneno tumia kwa rekoda, na usianze na makanga wa steji, anza na mama wa sukumawiki asubuhi kabla wateja hawajajaa.