Kukata video kwenye tovuti ya bure: wanapata kipande au faili zima?

"Nina video ya kikao cha chama, saa nzima, MB 700. Nataka sekunde 40 tu. Nikikatia kwenye tovuti ya bure, wanabaki na kipande au yote?"

Yote, kama tovuti inakatia kwenye seva yake. MB 700 zinapanda kwanza, ndipo unachagua sekunde zako. Zile dakika 59 za majina na madeni ya watu zimeshafika kwao. Wapo wanaosema uangalie alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti. Wako sahihi nusu: kufuli inalinda faili likiwa njiani, haimzuii mwenye seva kulifungua.

Zipo tovuti zinazokata ndani ya kivinjari chenyewe. Kupima: fungua ukurasa, zima data na Wi-Fi, ndipo uchague faili. Ikikata na kukupa kipande bila mtandao, kazi imefanyika kwako. Funga ukurasa kabla ya kuwasha data. Ikigoma si ushahidi kamili, huenda inapakua sehemu zake baadaye, ila mimi ningeiacha.

Kwa simu, kikataji cha kwenye galari kinatosha. Kwa kompyuta yenye programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -ss 00:12:10 -to 00:12:50 -i kikao.mp4 kipande.mp4
```

Wengi huongeza `-c copy` iende haraka. Kwa video ya siri usiiweke: sekunde chache za kabla ya 12:10 zinaweza kubaki ndani ya kipande.