Ukigundua mwenzako analipwa chini ya wenzake, na jedwali la mishahara liko mkononi mwako

Ushauri huu ni wa maafisa wa rasilimali watu, hasa wa kampuni ndogo ambako mtu mmoja ndiye anayeajiri, anayeandaa mishahara, anayepokea malalamiko na anayeagiza maji ya kunywa. Nimefanya kazi hiyo Mombasa kwa miaka kadhaa, katika kampuni ya uwakala wa forodha isiyo kubwa. Nitaeleza kisa kimoja. Majina ya wahusika si yao.

Oktoba 2024 ndipo makato ya bima ya afya ya NHIF yalipoisha na ya SHIF yakaanza. NHIF ilikuwa inakata kwa madaraja. SHIF inakata asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Kwa hiyo ilinibidi nikague safu mpya, mtu kwa mtu. Katika kundi la makarani wa forodha, Katana alikuwa akikatwa shilingi 1,705 na Zainabu 1,402.50. Makato ya asilimia hayafichi kitu: nyuma ya namba hizo kulikuwa na mshahara wa 62,000 na mwingine wa 51,000. Zainabu aliingia kazini 2019, Katana 2022.

Rafiki zangu wa fani hii wakikutana na jambo kama hili hugawanyika pande mbili. Mmoja hufunga faili na kusema si mzigo wake. Mwingine humnong'oneza mhusika wakati wa chai. Wa pili ana moyo mzuri, lakini ndiye anayeharibu zaidi. Mshahara wa Katana ni taarifa ya Katana. Umeuona kwa sababu ya kiti chako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuruhusu kuugawa. Isitoshe, ukishauvujisha, mkutano wowote utakaofuata utakuwa wa kukujadili wewe, na ile elfu kumi na moja itasahaulika.

Kabla ya kumwambia mtu yeyote, jiulize kama unacholinganisha kinalingana kweli. Katika jedwali letu Zainabu alikuwa na mshahara wa msingi wa 44,000 na posho ya nyumba ya 7,000. Katana alikuwa na namba moja tu, 62,000, kwa kuwa mkataba wake ulisema posho ya nyumba imo humo ndani. Ningeangalia safu ya mshahara wa msingi peke yake, ningepiga mbio kwa bosi na pengo la 18,000, naye angenirudisha kwa sentensi moja. Huku kwetu mikataba ya namna hizo mbili huishi ofisi moja bila mtu kushtuka, kwa sababu kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kutoa nyumba, kutoa posho, au kuingiza posho hiyo ndani ya mshahara. Linganisha jumla kwa jumla. Toa malipo ya saa za ziada, bonasi na marejesho ya nauli, kisha uone kilichobaki.

Halafu panua macho. Watu wawili hawatoshi, maana daima utapata wawili wanaotofautiana. Niliwaweka makarani wote watano pamoja: wanaume watatu walikuwa kati ya 58,000 na 64,000, wanawake wawili walikuwa chini yao. Hapo moyo uliruka, nakiri, lakini mmoja wa wale wanawake alikuwa na miezi minne tu kazini na bado yuko kwenye majaribio. Tofauti yake ilielezeka. Ya Zainabu haikuelezeka kwa muda wa kazi, wala kwa cheti, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na cheti cha mawakala wa forodha cha Afrika Mashariki na wawili kati ya wale wanaume hawakuwa nacho.

Sehemu iliyonichukua muda mwingi ni kazi yenyewe. Nilijua nitaambiwa Katana anafanya kazi ngumu zaidi, kwa kuwa yeye hushughulikia magari yanayoingia nchini, na magari yana mizozo ya thamani na ushuru. Zainabu hushughulikia mizigo inayopita kwenda Uganda na Kongo. Sheria yetu haidai kazi ziwe pacha. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema mwajiri atawalipa wafanyakazi ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na kwa desturi thamani hiyo hupimwa kwa ujuzi unaohitajika, jukumu, juhudi na mazingira ya kazi. Basi nikamwomba msimamizi wa forodha, bila kumweleza kwa nini, orodha ya entri za forodha za miezi sita kwa kila karani: ngapi, za aina gani, zilizorudishwa kwa makosa ngapi. Ripoti ya kawaida, angeweza kuombwa siku yoyote.

Idadi zilikaribiana. Jukumu ndilo lililonifungua macho. Mzigo wa kupita husafiri kwa dhamana, na dhamana ile hubaki imefungwa mpaka mfumo wa forodha uthibitishe kwamba mzigo umetoka nchini. Karani akikosea hati, lori linakwama Malaba, na fedha za dhamana ya kampuni zinakaa zimeshikwa huku mizigo mingine ikisubiri. Kosa kwenye gari moja humuumiza mwenye gari hilo. Sikusema kazi ya Zainabu ni kubwa kuliko ya Katana. Sikuhitaji kusema hivyo. Ilitosha kuonyesha kwamba haiwezi kuitwa ndogo.

Sababu ya pengo niliipata kwenye mafaili ya ajira, na ilikuwa ya kawaida mno. Zainabu alianza kama mwanagenzi hapo hapo kwetu, akaajiriwa kwa mshahara ambao mwanagenzi hawezi kuukataa. Katana alitoka kampuni nyingine, akaleta hati ya mshahara wa huko, na tukamwongezea juu yake. Hakuna aliyekaa akapanga kumpunja mwanamke. Lakini kila mwaka nyongeza yetu huja kwa asilimia, na asilimia hulea pengo. Nyongeza ya asilimia 5 ingempa Zainabu 2,550 na Katana 3,100. Pengo la 11,000 lingekuwa 11,550, na wote wawili wangeona wametendewa sawa. Sehemu nyingi ninazozijua, ukifukua pengo la mshahara utakuta swali la "ulikuwa unalipwa ngapi ulikotoka?"

Wakati bado nakusanya hayo, Zainabu alikuja ofisini akafunga mlango. "Dada, niambie kweli, mimi nalipwa sawa na wenzangu?" Kuna majibu mawili ya kuepuka hapa: uongo wa "ndiyo", na ule ukimya wa kuinamisha macho ambao ni jibu tosha. Nilimwambia siwezi kuzungumzia mshahara wa mtu mwingine, kama ambavyo sitazungumzia wake kwa wengine, ila ana haki ya kuuliza kwa maandishi mshahara wake umepangwa kwa vigezo gani, na akiuliza nitalazimika kujibu. Aliondoka hakuridhika. Hakuandika pia, na sikumsukuma, kwa kuwa nilitaka jambo lisimame hata kama yeye hakulalamika.

Uamuzi uliobaki ulikuwa wa njia. Kanuni zingenipitisha kwa meneja wa fedha kwanza, na yeye ndiye aliyesaini mishahara yote miwili. Sikutaka kumruka, maana mtu uliyemruka atakupinga hata kwa jambo analokubali. Nilimwonyesha siku moja kabla, nikamwambia kesho naenda kwa mkurugenzi na ningependa hesabu ya gharama iwe yake. Akaikubali kazi hiyo, na kwa kuikubali akawa ndani.

Taarifa ilikuwa ukurasa mmoja. Niliwaita makarani A, B, C, D na E. Juu niliandika nilichokiona, kisha maelezo niliyoyapima na kwa nini hayatoshi, kisha chanzo, kisha gharama: 11,000 kwa mwezi, ambayo ni 132,000 kwa mwaka, pamoja na mchango wa mwajiri wa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, yaani 165 kila mwezi. Sheria niliiweka ukurasa wa pili, aya moja tu. Ukianza na sheria, bosi anasikia tishio na anamwita wakili; ukianza na hesabu, anachukua kalamu. Nakala ilibaki kwenye kabati la ofisi na tarehe yake. Usijitumie kitu kama hicho kwenye barua pepe yako binafsi au WhatsApp, hata kwa nia ya kujilinda.

Mkurugenzi wetu, tunayemwita Mzee, alisoma mara mbili. "Mama, huyu B si hajalalamika?" Nikamjibu kwamba siku atakayolalamika hatutakuwa sisi wa kuchagua tarehe, na kwamba katika kesi ya ubaguzi kifungu hicho hicho cha 5 humtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kuwa haukutokea. "Sisi tungethibitisha kwa kitu gani?" nilimuuliza. "Kwa hati ya mshahara ya kampuni nyingine?" Akanyamaza, kisha akatoa lile wazo ambalo lazima utalisikia na ujiandae nalo: basi tumshushe huyo mwingine. Meneja wa fedha ndiye aliyejibu, si mimi. Huwezi kubadili masharti ya mkataba bila kushauriana na mfanyakazi, na Katana hana kosa lolote, alijadiliana akapewa.

Hatukupata yote. Zainabu aliongezewa 6,000 Januari 2025 na 5,000 Julai. Malimbikizo ya nyuma niliyaomba, yakakataliwa, na naamini bado anadai. Fomu ya usaili iliondolewa swali la mshahara wa zamani, na kila nafasi sasa ina kiwango cha chini na cha juu kabla haijatangazwa.

Jambo moja nililishikilia mpaka dakika ya mwisho ni barua yake. Rasimu ya kwanza ilisema "nyongeza ya mshahara kwa kutambua bidii yako." Nikakataa. Ilipotoka ilisema "marekebisho ya mshahara kulingana na kiwango cha nafasi," na sentensi moja kwamba marekebisho hayo hayahusiani na nyongeza ya kila mwaka. Meneja aliniona mbishi. Julai, nyongeza ya asilimia ilipopangwa, jina la Zainabu liliachwa nje ya orodha kwa maelezo kwamba ameshaongezewa mara mbili mwaka huo. Nilitoa barua kwenye faili nikaiweka mezani, na jina likarudishwa.