Kunyimwa kibali cha masomo Kanada: namna ya kuomba faili lako mwenyewe ukiwa Dar

*"Wakuu, nimenyimwa kibali cha kusoma Kanada. Barua inasema tu ofisa hajaridhika kwamba nitaondoka masomo yakiisha. Kuna wakala hapa Posta anataka laki tatu 'anivutie faili' nijue sababu. Hilo faili lipo kweli, na naweza kuliomba mwenyewe?"*

Lipo mkuu, na hiyo laki tatu kaa nayo. Mimi niliomba la kwangu nikiwa hapahapa Tabata, kwa simu na bando la kawaida, na sikulipa hata senti.

Kwanza tuweke sheria sawa, maana hapo ndipo mawakala wanapopigia hela. Sheria yetu ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 haikusaidii, kwa sababu taarifa zako ziko mikononi mwa serikali ya Kanada. Kule kuna sheria mbili. Ya kwanza ni ya kupata taarifa za serikali. Hiyo ina ada ya dola 5 za Kanada, na anayeomba lazima awe raia wao, mkazi wa kudumu au mtu aliyepo ndani ya nchi yao. Ndiyo maana zamani ilibidi umtafute mtu wa kule akuombee, na biashara ya kuvuta faili ikaanzia hapo. Ya pili ni sheria ya faragha, inayompa mtu haki ya kuona taarifa zake mwenyewe. Julai 2022 haki hiyo ilipanuliwa ikamfikia hata mgeni aliye nje ya Kanada, na haina ada. Wakala wako anauza kitu ambacho kwako ni bure.

Kabla hujaomba chochote, fungua tena akaunti uliyotumia kutuma maombi, usome kila kiambatisho. Tangu mwishoni mwa Julai 2025 baadhi ya barua za kukataliwa zinakuja na maelezo ya ofisa pamoja nazo. Ukiyakuta, umepata sehemu kubwa ya unachokitafuta.

Kama hayapo, ingia kwenye tovuti ya idara yao ya uhamiaji, IRCC, sehemu ya maombi ya taarifa, uchague ombi la taarifa binafsi chini ya sheria ya faragha. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti. Halafu utahitaji namba mbili zilizo juu ya barua yako: UCI, ambayo ni namba yako wewe kama mteja wao, na namba ya ombi, ambayo kwa masomo huanza na herufi S. Kwenye kisanduku cha unachoomba andika kwa Kiingereza, kifupi namna hii, ukiweka namba zako:

```
GCMS notes, including all officer notes and reasons,
for study permit application S000000000,
UCI 00-0000-0000. Electronic copy.
```

GCMS ndio mfumo wao wa kompyuta ambamo kila aliyegusa ombi lako anaacha maandishi. Usiandike "nataka kila kitu mlichonacho kuhusu mimi". Ombi la hivyo linawapa kazi ya kukusanya hadi viambatisho ulivyotuma mwenyewe, na wewe unasubiri bure. Ukiamua mtu mwingine akuombee, lazima usaini fomu ya idhini, IMM 5744. Anayekwambia atalipata bila saini yako, mwogope.

Sheria inawapa siku 30 kujibu, na wanaweza kujiongezea nyingine 30. Sasa angalia hesabu hii: ukitaka kupinga uamuzi kwenye Mahakama ya Shirikisho ya Kanada, una siku 60 tangu ulipoarifiwa, kwa maamuzi yaliyofanyika nje ya nchi yao. Ukilala wiki tatu unalalamika, faili linaweza kufika muda wa mahakama umeshapita. Tuma ombi wiki hiyohiyo ya barua.

Linakuja kama PDF, kurasa nyingi ambazo zinatisha bure. Sehemu kubwa ni visanduku vya tarehe, malipo na alama za vidole. Wewe shuka hadi panapoandikwa Notes, utafute maandishi ya tarehe ya uamuzi. Huwa ni aya moja au mbili, zimejaa vifupisho. PA ni wewe mwombaji. Ukiona sehemu zimefutwa, soma namba iliyo pembeni. Namba 26, kwa mfano, maana yake ni taarifa za mtu mwingine. 21 na 22 zinahusu mambo kama usalama na utekelezaji wa sheria, na hizo sahau kuziona.

Langu lilikuwa hivi. Barua ilitaja hali ya kifedha na kusudi la safari, basi. Nilidhani hela ilikuwa ndogo, nikawa naanza kuzunguka kwa ndugu kukopa ili salio linenepe. Maandishi ya ofisa yakasema kitu kingine kabisa: kuna milioni 38 zimeingia kwa mkupuo mmoja muda mfupi kabla ya maombi, chanzo hakikuonyeshwa, na mfadhili ametajwa kuwa mjomba lakini hakuna kinachothibitisha undugu. Kuhusu kusudi, aliandika kuwa nina shahada tayari, naenda kuchukua diploma, na barua yangu ya maelezo ni ya jumla, haisemi hiyo diploma inaongeza nini kwenye kazi niliyonayo. Barua hiyo aliiandika wakala. Ningeongeza salio kwa mkopo, ningeongeza mkupuo wa pili usio na maelezo.

Hela yenyewe ilikuwa halali. Mjomba aliuza kiwanja Chanika. Kwa hiyo ombi la pili nilikwenda na mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, stetimenti ya mjomba inayoonyesha hela ya mnunuzi ikiingia kwake na kutoka kuja kwangu, na vyeti vya kuzaliwa vya RITA, cha mama na cha mjomba, vyenye majina yaleyale ya wazazi. Barua niliandika mwenyewe, ukurasa mmoja, nikaambatanisha ya mwajiri inayotaja nafasi ninayorudia. Kila hoja ya ofisa ilikuwa na karatasi yake. Nililipa ada ya kibali upya, dola 150, lakini alama za vidole hazikurudiwa kwa sababu zinadumu miaka 10. Kilitoka. Mahakamani sikwenda, na sikuwa na cha kwenda kudai: kwa karatasi alizokuwa nazo mezani, hata mimi ningemkatalia.

Kitu kimoja ukikague kwa makini. Ukikuta R216(1)(b), hiyo ndiyo ya kutoridhika kwamba utaondoka, na unaweza kuomba tena ukiwa na vielelezo bora. Ukikuta A40, hapo wanasema umedanganya au umeficha jambo, na adhabu yake ni kufungiwa miaka 5. Wanaotengenezewa stetimenti za benki mtaani huishia hapo. A40 usiijibu kwa ombi jipya. Tafuta mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni ya Kanada, haraka, ile saa ya siku 60 inatembea.

Namba ya uthibitisho watakayokutumia kwenye barua pepe itunze. Muda wao ukipita kimya, unalalamika kwa Kamishna wa Faragha wa Kanada kwa kutumia namba hiyo, na hiyo nayo ni bure.