Kuhakiki tafsiri ya spesifikesheni: anza na makatazo

*"Wakuu, nimekabidhiwa tafsiri ya Kiswahili ya spesifikesheni ya mfumo wa malipo, kurasa 60, niihakiki kabla haijafika kwa mafundi. Kiswahili chake kimenyooka, ila nahofia istilahi zinayumba na masharti yamelegea. Mnaanzia wapi? Niko Dar, nina wiki mbili."*

Mkuu, anza na sentensi za katazo kabla ya kitu kingine chochote. Nakupa sentensi moja iliyonipita mimi mwenyewe, maana ndani yake yamo yote mawili unayoyahofia.

Waraka wa asili ulikataza programu ya duka kutuma tena ombi la malipo kabla haijauliza hali ya muamala na kupata jibu. Maneno yaliyobeba sharti hilo yalikuwa `client` na `MUST NOT`. Tafsiri ikasema: "Mteja si lazima atume tena ombi la malipo kabla ya kupata jibu la hali ya muamala." Soma tena. Sarufi haina kasoro, na nilipoipitia mara ya kwanza sikuona tatizo.

Kijana aliyekuwa anaandika programu hiyo, ofisini kwetu Kijitonyama, aliisoma kama ilivyoandikwa. Mtandao ukikaa kimya, programu yake ikatuma ombi upya. Siku ya majaribio, dukani Sinza, mama mmoja alikatwa shilingi 18,500 mara mbili kwa mzigo mmoja. Nilipomuuliza kijana, akanifungulia ukurasa: "Dada, waraka umesema si lazima. Haujanikataza." Alikuwa sahihi kabisa. Pesa ya mama tuliirudisha siku ileile, halafu nikaanza kuhakiki waraka wote upya.

Kosa la kwanza liko kwenye mahali pa kukanusha. "Si lazima atume" inaondoa ulazima, yaani akitaka atume, asipotaka aache. "Ni lazima asitume" inaacha ulazima palepale na kukanusha kitendo. Mfasiri anaona neno la kulazimisha na neno la kukanusha, anayaunganisha, na katazo linageuka kuwa hiari. Kwa hiyo tafuta "si lazima", "sio lazima", "siyo lazima" na "hailazimiki" katika waraka mzima, na kila moja uilinganishe na asili kwa macho.

Kosa la pili ni "mteja". Waraka wa malipo una `client`, ambayo ni programu, na `customer`, ambaye ni mtu anayelipa. Mfasiri aliwaita wote mteja, na kiambishi a- cha "atume" kikamaliza kazi: fundi akaelewa kwamba anasemwa yule mama, wala si programu anayoiandika. Sharti likahama mikononi mwa anayewajibika. Tuliamua `client` iwe "programu ya mteja" kila mahali, na vitenzi vyake vichukue i-. Upatanisho wa ngeli unakusaidia sana hapa: ukikuta a- mahali ambapo mtendaji ni programu, simama.

Watu wengi wakihakiki istilahi huchukua neno moja la asili na kuangalia kama limepewa Kiswahili cha aina mbili tatu. Fanya hivyo, lakini hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, pale maneno mawili ya asili yanapoingia kwenye neno moja la Kiswahili, kwa sababu ukisoma Kiswahili peke yake huwezi kuliona. Kwetu neno lililobeba mzigo huo lilikuwa "thibitisha". Lilisimama badala ya `authenticate`, yaani kujua kwamba anayeomba ndiye kweli, na pia badala ya `validate`, yaani kukagua kwamba ujumbe umekamilika na umekaa katika muundo wake. Fundi akisoma "seva ithibitishe ombi" hajui afanye lipi. La kwanza tuliliachia "kuthibitisha utambulisho", la pili likawa "kuhakiki". Ukitafuta, tafuta shina, yaani `thibit`, ili uyapate uthibitishaji, imethibitishwa na yasiyothibitika. Vilevile "kifaa" hakitakuletea "vifaa".

Turudi kwenye nguvu ya masharti. Nyaraka za namna hii mara nyingi hufuata RFC 2119 ya mwaka 1997, inayoeleza maana ya kila neno la sharti, na RFC 8174 ya 2017 iliyofafanua kwamba maana hizo maalumu ni za maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tu. Angalia kurasa za mwanzo kama waraka wako unazitaja. Kama unazitaja, chagua neno moja la Kiswahili kwa kila ngazi, liandike kwa herufi kubwa, na ulieleze mwanzoni mwa tafsiri.

Mimi nachagua neno lisilobadilika, kwa sababu vitenzi vyetu hugeuka na nafsi na ngeli: haipaswi, hapaswi, hayapaswi. Utafutaji unakuwa mateso. `MUST` ni LAZIMA. `MUST NOT` ni MARUFUKU. `SHOULD` ni INASHAURIWA, kama "INASHAURIWA seva isubiri", na kinyume chake ni HAISHAURIWI. `MAY` ni HIARI, kama "ni HIARI kwa seva kutuma taarifa". Nimeikwepa "inapaswa" kwa makusudi, kwa sababu Mtanzania akisoma "unapaswa kulipa kodi" haoni nafasi ya kuacha, ilhali `SHOULD` inaruhusu kuacha ukiwa na sababu ya msingi na umepima matokeo yake. "Inaweza" nayo haifai kwa `MAY`, kwani inasomeka kama uwezo au kama jambo linaloweza kutokea.

Ukishabadilisha, hesabu:

```
tr -s '\n ' ' ' < asili.txt | grep -oE 'MUST NOT|SHOULD NOT|MUST|SHOULD|MAY' | sort | uniq -c
tr -s '\n ' ' ' < tafsiri.txt | grep -oE 'MARUFUKU|HAISHAURIWI|LAZIMA|INASHAURIWA|HIARI' | sort | uniq -c
```

Ile `tr` ya mwanzo inaunganisha mistari. Bila hiyo, `MUST` iliyokaa mwisho wa mstari na `NOT` iliyoanza mstari unaofuata zitahesabiwa kama amri badala ya katazo. Kama asili ina `SHALL`, `REQUIRED`, `RECOMMENDED` au `OPTIONAL`, ziongeze. Fanya sura kwa sura, maana jumla ya waraka mzima inaweza kulingana huku sharti moja limedondoka sura ya tatu na jingine limezidi sura ya saba. Kwetu asili ilikuwa na makatazo 11. Tafsiri ilikuwa na "hairuhusiwi" 6, "haipaswi" 3 na "si lazima" 2.

Hesabu haikuambii kama sharti limemwangukia anayestahili. Kwa hilo mtafute fundi ambaye hajaiona asili, mpe sura moja ya Kiswahili, halafu muulize maswali ya kazi: ombi likikaa bila jibu, programu yako inafanya nini? Nani anafanya, wewe au seva? Mwache ajibu bila kumsaidia. Jibu lake likitofautiana na asili, kosa ni la sentensi. Ile yetu sasa inasomeka: "Ni MARUFUKU programu ya mteja kutuma tena ombi la malipo kabla haijapata jibu la hali ya muamala."

Ukikuta asili yenyewe ina utata, mfano `may` ya herufi ndogo usiyojua ni ruhusa au uwezekano, usiamue wewe. Andika namba ya kifungu, mpelekee mwenye waraka, na uache alama kwenye tafsiri mpaka ajibu. Siku mbili za mwisho za wiki zako mbili zitengee hilo.